Lengo, Mbinu, Matokeo na Umuhimu: Uhakiki wa Ikisiri ya Tasnifu kuhusu Makazi ya Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ikisiri ya tasnifu inavyoweza kuhaririwa ili lengo, mbinu, matokeo na umuhimu vifuatane ndani ya ukomo wa maneno. Ikisiri moja ya mfano, iliyotungwa kwa ajili ya uhakiki huu na inayohusu huduma ya afya huko Dzaleka, imechanganuliwa sentensi kwa sentensi na kuandikwa upya. Imebainika kwamba kupunguza maneno peke yake huifikisha ikisiri kwenye ukomo bila kuipa matokeo, na kwamba uhariri unaoanzia kwenye matokeo hutoa ikisiri kamili iliyo fupi zaidi. Mfano ni mmoja, lakini hatua zake zinaweza kujaribiwa na wasimamizi wa tasnifu na washauri wa sera wanaosoma ikisiri pekee.

Maneno Muhimu: ikisiri, tasnifu, uhariri, Dzaleka, ukalimani

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yamo katika Wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa katika utawala wa Kamuzu Banda kabla ya kufunguliwa kwa ajili ya wakimbizi mwaka 1994. Eneo lililokusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000 leo lina wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kwenye nyumba za ibada na katika foleni za huduma, ilhali ofisi zinazoamua mambo yao mjini Lilongwe hufanya kazi kwa Kiingereza na Kichewa.

Umbali huo wa lugha ndio unaoipa ikisiri uzito usio wa kawaida. Mshauri wa sera aliyeko Lilongwe hawezi kutarajiwa kusoma tasnifu ya kurasa 150 iliyoandikwa kwa Kiswahili. Atasoma ukurasa mmoja, ama katika lugha hiyo au katika tafsiri yake, na kwa ukurasa huo ataamua kama utafiti una jambo la kumwambia. Matokeo yasipokuwamo katika ukurasa huo, kwake ni kama hayakupatikana.

Kanuni za uandishi wa ikisiri si ngeni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 214, kilichotolewa mwaka 1976, kinataka ikisiri ieleze kusudi, mbinu, matokeo na mahitimisho. Kinapendekeza maneno yasiyozidi 250 kwa makala nyingi na yasiyozidi 500 kwa nyaraka ndefu kama tasnifu. Mwaka 1987 jarida la tiba la Annals of Internal Medicine lilichapisha pendekezo la ikisiri yenye vichwa vidogo, kwa hoja kwamba msomaji wa hospitalini alihitaji kuyapata mambo hayo bila kuyatafuta. Vyuo vingi vimeziingiza kanuni hizi katika miongozo yao. Hata hivyo, ikisiri nyingi huzitimiza kwa jina tu: maneno "lengo", "mbinu" na "matokeo" yamo, lakini vitu vyenyewe havimo.

2.0 Ikisiri ya Mfano

Ikisiri ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uhakiki huu. Haitoki katika tasnifu yoyote, na takwimu zitakazotumika baadaye kuihariri pia ni za kubuni. Imekusanya mazoea ambayo kila msimamizi wa tasnifu atayatambua. Ukomo wake ni maneno 150. Nambari katika mabano hazihesabiwi.

[1] Kambi ya Dzaleka ilianzishwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa, na ndani yake wanaishi watu ambao wametoka katika nchi mbalimbali kama vile Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. [2] Lugha ni chombo muhimu sana cha mawasiliano katika jamii yoyote ile. [3] Utafiti huu uliongozwa na nadharia ya umilisi wa mawasiliano iliyoasisiwa na Dell Hymes. [4] Data zilikusanywa kwa njia ya ushuhudiaji, usaili na hojaji, na uchanganuzi ulifanyika kwa kutumia mkabala wa kimaelezo na wa kitakwimu. [5] Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kufanya uchunguzi kuhusu mawasiliano ambayo hufanyika kati ya wagonjwa ambao wanazungumza Kiswahili na watoa huduma ambao wanatumia Kichewa katika dirisha la dawa la kituo cha afya. [6] Matokeo ya utafiti yalionyesha kwamba kuna changamoto mbalimbali za kimawasiliano ambazo zinawakabili wagonjwa, na kwamba wakalimani wana mchango mkubwa sana katika kutatua changamoto hizo. [7] Utafiti huu una umuhimu kwa serikali, mashirika, wanafunzi, wahadhiri na jamii kwa jumla. [8] Inapendekezwa kwamba Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya huduma zote za umma nchini Malawi, na kwamba tafiti zaidi zifanyike.

Ikisiri hii ina maneno 162. Imezidi ukomo kwa maneno 12 tu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa kasoro ndogo ya hesabu huficha kasoro kubwa ya maudhui.

3.0 Kwa Nini Kupunguza Maneno Hakutoshi

Mwandishi anayeambiwa apunguze maneno 12 ana njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuifuta sentensi ya [2], yenye maneno 11, pamoja na neno "sana" katika sentensi ya [6]. Papo hapo ikisiri inakuwa na maneno 150. Hakuna kilichopotea, kwa sababu sentensi hiyo ingeweza kuwekwa katika tasnifu yoyote ya isimujamii.

Njia ya pili ni ya kisarufi, na inakihusu Kiswahili hasa. Virejeshi vya "amba-" vimetumika mara tano. Kila kimoja kikiingizwa ndani ya kitenzi, neno moja linaokolewa: "watu ambao wametoka" inakuwa "watu waliotoka", na "wagonjwa ambao wanazungumza" inakuwa "wagonjwa wanaozungumza". Hayo ni maneno matano. Tena, mwanzo wa sentensi ya [5], "Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kufanya uchunguzi kuhusu", una maneno kumi ambayo yanaweza kusemwa kwa matatu: "Utafiti huu ulichunguza". Hapo maneno saba yanaokolewa, na jumla ni 12. Ukomo umefikiwa bila kufuta wazo lolote.

Njia zote mbili ni halali, na ya pili inafaa kuwa mazoea ya kila mhariri wa Kiswahili. Lakini baada ya kila moja msomaji wa Lilongwe bado hajui utafiti uligundua nini. Hesabu imetimia, ila ikisiri ni ileile.

Mgawanyo wa maneno ndio unaoonyesha tatizo. Sentensi za [1] hadi [3], ambazo ni usuli na nadharia, zina maneno 54, yaani theluthi moja kamili ya ikisiri. Mbinu imepewa maneno 20 na lengo 33. Matokeo yana 24, na umuhimu pamoja na pendekezo vina 31. Aidha, mbinu imetangulia lengo, hivyo msomaji anaambiwa data zilikusanywaje kabla ya kujua zilikusanywa ili kujibu nini.

Kasoro iliyo nzito zaidi imo katika sentensi ya [6]. Kirai "changamoto mbalimbali" kina umbo la matokeo bila kuwa matokeo. Kipimo chake ni chepesi: je, sentensi hii ingeweza kuandikwa kabla ya mtafiti kwenda uwandani? Kwamba mgonjwa asiyejua Kichewa hupata shida ya mawasiliano kwa mhudumu anayetumia Kichewa, na kwamba mkalimani humsaidia, ni mambo ambayo kila mtu angeyakisia. Sentensi inayoweza kuandikwa kabla ya utafiti haiwezi kuwa matokeo yake.

Kasoro ya mwisho ni mruko kutoka [6] hadi [8]. Tangu Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipokikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pendekezo la kukipa hadhi katika nchi wanachama lina mahali pake katika mjadala wa sera. Lakini uchunguzi wa dirisha moja la dawa hauwezi kubeba pendekezo kuhusu huduma zote za umma za nchi nzima. Mshauri makini akiliona, atalitilia shaka hata lile dogo ambalo utafiti umelithibitisha.

4.0 Uhariri Unaoanzia kwenye Matokeo

Mpangilio wa kusoma si lazima uwe mpangilio wa kuandika. Msomaji hukutana na lengo kwanza, lakini mhariri hufanya vyema akianza na matokeo, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kiasi gani cha lengo, mbinu na umuhimu kinahitajika.

Hatua ya kwanza ni kurudi katika sura ya matokeo na kuuliza: ni jambo gani moja ambalo lisingejulikana bila utafiti huu? Tuseme sura hiyo inaonyesha kwamba wagonjwa 60 walishuhudiwa. 24 walikuwa na mkalimani na 36 hawakuwa naye. Kati ya wale 24, 20 waliweza kueleza dozi yao kwa usahihi. Kati ya wale 36, waliweza 14. Hayo ndiyo matokeo. Idadi halisi inafaa kuliko asilimia hapa, kwa kuwa makundi ni madogo: asilimia 83 huonekana thabiti, ilhali wagonjwa 20 kati ya 24 humwonyesha msomaji ukubwa wa ushahidi wenyewe.

Tuseme pia sura hiyo inaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 26 waliokosea, 17 walikosea saa na si idadi ya vidonge. Jambo hili dogo lina thamani kubwa kwa sera. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, hivyo saa mbili asubuhi ni saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Mgonjwa anayeona tarakimu 8 kwenye bahasha ya dawa anaweza kuielewa kuwa saa nane mchana. Kosa la aina hii lina tiba yake, na tiba hiyo haifanani na ya mtu asiyeelewa chochote. Maneno "changamoto mbalimbali" yalikuwa yameifunika tofauti hiyo.

Hatua ya pili ni kuliandika lengo kama swali ambalo matokeo hayo yanalijibu. Sentensi ya [5] ilisema utafiti ulichunguza "mawasiliano", nayo matokeo yanazungumzia uelewa wa dozi na kuwapo kwa mkalimani. Mambo hayo mawili lazima yatajwe katika lengo. Hata hivyo, hapa pana hatari. Mhariri haruhusiwi kulibadilisha lengo ili lifanane na matokeo yaliyopendeza. Kama sura ya kwanza ya tasnifu iliahidi kupima pia, kwa mfano, muda wa kusubiri, na tofauti haikuonekana, ikisiri inapaswa kusema hivyo. Lengo la ikisiri linaweza kuwa dhahiri kuliko la sura ya kwanza, lakini lisiwe jingine.

Hatua ya tatu ni kubakiza katika mbinu yale tu yaliyozaa matokeo yaliyotajwa. "Ushuhudiaji, usaili na hojaji" ni orodha ya zana. Haimwambii msomaji nani alipimwa, wangapi, kwa njia gani, na jibu sahihi liliamuliwaje. Kama hojaji haikuchangia matokeo yaliyomo katika ikisiri, haina haja ya kutajwa humo. Jina la nadharia nalo hubaki pale tu linapobadilisha maana ya matokeo. Katika mfano huu haliibadilishi.

Hatua ya nne ni kuufunga umuhimu kwa kamba ya matokeo. Orodha ya wanufaika katika sentensi ya [7] haisemi watanufaikaje. Umuhimu ni uamuzi ambao matokeo yanaupa sababu, pamoja na mpaka wa sababu hiyo. Hatua ya tano, ambayo ni ya mwisho kwa makusudi, ni kuhesabu maneno.

5.0 Ikisiri Iliyohaririwa

[1] Utafiti huu ulichunguza iwapo kuwapo kwa mkalimani kwenye dirisha la dawa kunahusiana na namna wagonjwa wanaozungumza Kiswahili wanavyoelewa maelekezo ya dozi yanayotolewa kwa Kichewa katika kituo kimoja cha afya kinachohudumia Makazi ya Dzaleka, Malawi. [2] Mtafiti alishuhudia utoaji wa dawa kwa wagonjwa 60 waliochaguliwa kwa kufuata foleni, kisha akamwomba kila mmoja aeleze kwa Kiswahili kiasi, saa na siku za kutumia dawa. Jibu lililinganishwa na maandishi ya bahasha ya dawa. [3] Kati ya wagonjwa 24 waliokuwa na mkalimani, 20 walieleza dozi kwa usahihi. Kati ya 36 wasiokuwa naye, 14 walifanya hivyo. [4] Kati ya wagonjwa 26 waliokosea, 17 walikosea saa za kumeza dawa, si idadi ya vidonge. [5] Tofauti ya makundi mawili inatoa sababu ya kuweka mkalimani kwenye dirisha la dawa. Haithibitishi kwamba ukalimani peke yake ndio chanzo chake, kwa kuwa wagonjwa hawakugawanywa kwa nasibu na kituo ni kimoja.

Ikisiri hii ina maneno 134, yaani 28 pungufu ya ile ya awali na 16 chini ya ukomo. Lengo lina maneno 34, mbinu 34, matokeo 35, na umuhimu pamoja na mipaka yake 31. Mgawanyo huu haukupangwa kuwa sawa. Umetokana na kila sehemu kubeba kinachohitajiwa na sehemu inayoifuata. Maneno 16 yaliyobaki hayana haja ya kujazwa.

Uthabiti wake unaweza kupimwa kwa kufunika sentensi. Ukizifunika [3] na [4], lengo na mbinu bado zinamwezesha msomaji kukisia aina ya jibu litakalotolewa. Ukiifunika [1], matokeo bado yanadokeza swali lake. Katika ikisiri ya awali jaribio hili halifanyi kazi upande wowote.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini matokeo yasitangulie, maana mshauri wa sera huyatafuta hayo kwanza. Hoja hiyo ina msingi, na viwango vya uandishi wa ikisiri huruhusu mpangilio unaoanza na matokeo kwa wasomaji wa aina fulani. Katika muhtasari wa sera huo unaweza kuwa mpangilio bora. Tasnifu, hata hivyo, husomwa pia na watahini na watafiti, ambao hupima matokeo kwa kuyalinganisha na swali. Lengo likiwa la sentensi moja, mshauri hacheleweshwi kwa zaidi ya maneno 34.

6.0 Hesabu ya Maneno na Mambo ya Kutotaja

Masuala mawili hayamo katika miongozo mingi ya uandishi. La kwanza ni kwamba ukomo wa maneno haupimi kitu kilekile katika kila lugha. "Hawakugawanywa" ni neno moja la Kiswahili lililobeba ukanushi, nafsi, wakati na hali ya kutendwa. Kiingereza hulitafsiri kwa maneno manne. Kwa upande mwingine, Kiswahili hutumia viunganishi vya "-a" kwa wingi, kama katika "maandishi ya bahasha ya dawa". Chuo kinachodai ikisiri kwa lugha mbili kwa ukomo mmoja kitarajie kwamba tafsiri ya Kiingereza inaweza kuvuka ukomo huo. Mwandishi asilazimike kuondoa mipaka ya matokeo katika tafsiri ili hesabu itimie, maana tafsiri hiyo ndiyo itakayosomwa Lilongwe.

La pili ni usalama wa waliotafitiwa. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa na masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, miongoni mwa mengine. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wanaoishi nje ya makazi kurudi Dzaleka, na Mei mwaka huo utekelezaji wa nguvu ulianza, Lilongwe ikiwamo. Katika mazingira hayo, sentensi kama "wakalimani wanne wanaoishi Lilongwe walisailiwa" ingeweza kupita kama maelezo kamili ya sampuli, na bado ikawafichua watu kwa mamlaka zisizohusika na utafiti. Sura ya mbinu husomwa na wachache. Ikisiri huwekwa katika hifadhi za mtandaoni na kusambazwa peke yake. Kwa hiyo kila taarifa ya mahali, tarehe na kazi inapaswa kuulizwa maswali mawili: je, matokeo yataeleweka bila hii, na je, hii inaweza kumtambulisha mtu? Katika ikisiri iliyohaririwa, wakalimani wametajwa kwa kazi yao tu, bila idadi, makazi wala uraia. Hata "kituo kimoja cha afya" ni kinga hafifu mahali penye vituo vichache, na ndiyo sababu mwezi wa utafiti haukuongezwa ingawa maneno 16 yalikuwapo.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ikisiri iliyozidi ukomo kwa maneno 12 inaweza kurekebishwa kwa dakika chache na ikabaki tupu, na kwamba ikisiri iliyohaririwa kuanzia kwenye matokeo hufika chini ya ukomo bila mhariri kuukimbilia. Kwa wasimamizi wa tasnifu, swali la kumwuliza mwanafunzi kabla ya kuhesabu maneno ni kama sentensi yake ya matokeo ingeweza kuandikwa kabla ya utafiti. Kwa washauri wa sera, swali sambamba ni kama pendekezo lililomo katika ikisiri ni kubwa kuliko idadi ya watu na mahali palipochunguzwa. Mfano uliotumika ni mmoja na wa kubuni. Hatua ifaayo baada ya hapa ni idara za Kiswahili katika ukanda huu kuchukua ikisiri za tasnifu zilizokwisha kuhifadhiwa, kuziwekea lebo sentensi kwa sentensi kama ilivyofanywa hapa, na kuona ni ngapi zina sentensi ya matokeo inayopita kipimo hicho.